Jina Liwepo Kabla ya Tangazo

Watu wengi humtafuta wakala wa ajira siku ile barua ya kupunguzwa kazini inapokuwa tayari mkononi. Wanatuma wasifu kwa mawakala kumi kwa mpigo, kesho yake wanapiga simu kuulizia, na baada ya wiki tatu za kimya wanajiridhisha kwamba ofisi hizi zinaendeshwa kwa kujuana. Nimekuwa nikizitafutia kampuni za Dar es Salaam wahasibu na mameneja wa fedha kwa muda mrefu, na kimya hicho nakifahamu kutoka upande wa pili wa meza. Kinatokana na jinsi kazi yetu inavyokwenda katika siku mbili za kwanza, siku ambazo mwombaji hazioni.

Chukua mfano wa kawaida kabisa. Jumatatu saa nne asubuhi, mkurugenzi wa kampuni ya kusambaza vinywaji anapiga simu akitaka meneja wa fedha. Aliyeko kwenye nafasi hiyo bado hajaambiwa kwamba anaondoka, kwa hiyo tangazo halitatoka gazetini wala mtandaoni. Wakala anamuuliza mkurugenzi maswali yake: idara ina watu wangapi, wanatumia programu gani ya hesabu, mshahara wa juu kabisa ni kiasi gani, mtu anatakiwa aanze lini, na huyu anayeondoka ameshindwa wapi. Jibu la swali hilo la mwisho ndilo linaloamua mambo. Hapa mkurugenzi anasema hesabu za mwezi zinachelewa hadi tarehe 20, na bidhaa zinapotea kati ya ghala na magari bila mtu kujua zimepotelea wapi.

Simu ikikatwa, wakala hafungui kompyuta kwanza. Anachukua kalamu na kuandika majina anayoyakumbuka. Atakumbuka manne, pengine matano: watu aliozungumza nao miezi ya karibuni, waliomweleza wanachofanya kwa namna iliyobaki kichwani. Baada ya hapo ndipo anaingia kwenye kanzidata ya ofisi na kutafuta kwa maneno kama CPA, usambazaji, ghala. Yanatoka majina mengi, makumi kwa makumi, na mengi kati yake hayana kazi: wasifu uliopokelewa miaka minne iliyopita, namba ya simu isiyopatikana, mtu aliyeandikwa mhasibu msaidizi ambaye huenda leo ni mkurugenzi. Wakala hana muda wa kuwapigia wote. Anawapigia wale ambao chini ya jina lao kuna maelezo ya mazungumzo yenye tarehe ya hivi karibuni.

Haraka hiyo ina sababu yake. Mara nyingi mwajiri huipeleka nafasi moja kwa mawakala wawili au watatu kwa pamoja, na anayelipwa ni yule tu ambaye mtu wake ameajiriwa. Wengine wanaambulia patupu hata kama wamefanya kazi ya wiki mbili. Zaidi ya hapo, wakala wa kwanza kupeleka jina la mtu fulani ndiye anayehesabiwa kuwa amemleta. Kwa hiyo kila ofisi inakimbilia kupeleka majina matatu hadi matano ifikapo Alhamisi au Ijumaa, na majina yanayoweza kupelekwa kwa haraka namna hiyo ni ya watu ambao tayari wanafahamika. Wasifu unaoingia Jumatano kutoka kwa mtu asiyejulikana, hata uwe mzuri kiasi gani, unahitaji simu, mahojiano na uhakiki wa aliyoyaandika. Kufikia hapo orodha imeshaondoka.

Kabla ya kueleza namna ya kuingia katika majina hayo ya kalamu, lazima jambo moja liwe wazi, maana kutolijua ndiko kunakowavunja watu moyo. Wakala hakutafutii wewe kazi. Anamtafutia mwajiri mtu, na mwajiri ndiye anayemlipa. Ada yake kwa kawaida ni sehemu ya mshahara wa mwaka wa kwanza wa anayeajiriwa, na asilimia 15 hadi 25 ni viwango vya kawaida katika biashara hii. Kwa nafasi yetu ya meneja wa fedha, tuseme mshahara ni shilingi milioni 5 kwa mwezi, yaani milioni 60 kwa mwaka. Kwa asilimia 20 ada ni milioni 12. Fedha hizo zinatoka kwa mwajiri zote. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unaweka msingi kwamba wakala binafsi wa ajira hamtozi mfanyakazi ada, iwe waziwazi au kwa njia ya kuzunguka. Anayekudai fedha ya kusajili jina, ya fomu, au ya kukuhakikishia usaili, usimpe hata shilingi, na wasifu wako usimwachie pia.

Ukilielewa hilo, unaelewa pia kwamba wakala mzuri anaweza kukupenda sana na bado asikupigie simu kwa miezi kumi na minne, kwa sababu katika muda huo hakuna mwajiri aliyetaka mtu wa aina yako. Uhusiano na wakala hupimwa kwa jambo moja: nafasi inayokufaa ikija, jina lako lipo kichwani mwake pamoja na maelezo yaliyo sahihi. Ndiyo maana kazi kubwa iko katika maelezo hayo.

Sasa tuchukue mtu anayestahili nafasi ile. Ni dada mmoja, mhasibu mwandamizi katika kampuni ya kusambaza bidhaa za dukani, Barabara ya Pugu. Ana CPA, anasimamia wahasibu wasaidizi wawili, hana ugomvi na mtu kazini na hana haja ya kuondoka. Katika hali hiyohiyo ya utulivu anamwandikia wakala ujumbe mfupi:

“Habari za kazi, kaka. Mimi ni mhasibu mwandamizi, nina CPA, na nipo kwenye usambazaji wa bidhaa kwa miaka sita sasa. Sitafuti kazi kwa wakati huu. Nimeona ofisi yenu inashughulika na nafasi za fedha, nami ningependa unifahamu kwa ajili ya mbele ya safari. Ukipata dakika kumi na tano wiki hii au ijayo, nitashukuru tukiongea kwa simu baada ya saa za kazi.”

Ujumbe huo unajibiwa. Hauombi fadhila, unataja fani na miaka, na unaweka mazungumzo nje ya saa za kazi, jambo linalomwonyesha wakala kwamba huyu anaheshimu kazi aliyonayo. Linganisha na ujumbe tunaoupokea kila siku: “Naomba kazi yoyote, naweza kufanya chochote.” Anayeweza kufanya chochote hana pa kuandikwa kwenye kanzidata. Wakala angemsaidia kwa moyo wote, lakini akiketi mbele ya orodha yake hakuna neno atakaloliandika likamleta mtu huyo.

Katika dakika kumi na tano za simu, dada wetu anaeleza kazi yake kwa vitu vinavyopimika. Anasema alipoikuta idara, hesabu za mwezi zilikuwa zikifungwa tarehe 18, na sasa zinafungwa tarehe 6. Anaeleza njia aliyotumia: kila jioni gari likirudi, karani wa ghala na dereva wanahesabu kilichobaki na kusaini pamoja, na upungufu unaingizwa vitabuni siku hiyohiyo badala ya kusubiri mwisho wa mwezi. Anataja kwamba ritani ya VAT huwa tayari siku kadhaa kabla ya tarehe 20, na kwamba wakaguzi wa nje hukaa naye yeye. Hayo yakishasemwa, wakala anaandika maelezo. Mistari ya namna hii ndiyo inayobaki chini ya jina, na naionyesha kama ilivyo kwa sababu watu wengi hawajawahi kuiona:

“Mhasibu mwandamizi, usambazaji, CPA. Anafunga mwezi tarehe 6. Amerekebisha upotevu ghala hadi gari. Anasimamia 2. Hatafuti. Atasogea kwa nafasi ya umeneja tu, sekta ya bidhaa au vinywaji. Benki hapana. Dar pekee hadi mtoto amalize darasa la saba, mwakani Septemba. Notisi siku 28. Ghafi 4.0.”

Soma tena mistari hiyo ukimkumbuka mkurugenzi wa vinywaji na malalamiko yake. Tatizo lake na maelezo haya vinakutana neno kwa neno. Dada huyu hakujua nafasi itakuja wala lini. Alichofanya ni kusema mambo yanayotafutika. Angesema tu kwamba ni mchapakazi, mwaminifu na anafanya kazi vizuri chini ya shinikizo, mistari ingekuwa mitupu, kwa sababu hakuna mwajiri anayepiga simu kuomba mvivu asiye mwaminifu.

Maneno mawili ya mwisho ya maelezo yale, “Ghafi 4.0”, yanahitaji kuelezwa kwa kirefu. Hapo ndipo panapoharibika kuliko mahali pengine popote, na panaharibika kimyakimya.

Mtanzania akiulizwa analipwa kiasi gani, mara nyingi hutaja kinachoingia benki. Mwajiri na wakala wanaongea kwa mshahara ghafi, kabla ya makato. Tofauti kati ya hizo mbili si ndogo. Kwa mshahara ghafi wa shilingi milioni 4, mchango wa mfanyakazi wa NSSF wa asilimia 10 ni 400,000. Kinachobaki, milioni 3.6, ndicho kinachokatwa kodi ya mapato: kwa viwango vya Tanzania Bara, shilingi milioni 1 ya kwanza inazaa kodi ya 128,000, na kila kinachozidi hapo hukatwa asilimia 30. Milioni 2.6 iliyozidi inazaa 780,000. Kodi yote ni 908,000, na mkononi inabaki 2,692,000. Kama bado anadaiwa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, kuna asilimia 15 nyingine ya mshahara wa msingi inayoondoka.

Sasa tuseme dada wetu angejibu tu, “Nalipwa milioni 2.7.” Wakala anaandika 2.7 akidhani ni ghafi. Siku nafasi inakuja yenye mshahara ghafi wa milioni 3.5, wakala anafurahi, anaona ameleta nyongeza nono ya laki nane. Dada anakwenda kwenye usaili mara mbili, anaomba ruhusa kazini, anaandaa mafaili, na ofa ikifika anagundua kwamba milioni 3.5 ghafi ni 2,377,000 mkononi, yaani pungufu ya anachopata sasa kwa zaidi ya laki tatu. Anaikataa ofa. Mwajiri anahisi amepotezewa wiki tatu, wakala ameaibika mbele ya mteja wake, na jina la dada linapata alama ambayo hakuna mtu atakayemwambia kwamba ipo. Hakuna aliyesema uongo hapo.

Kwa hiyo taja namba zote mbili, ghafi na mkononi, na utaje vilivyo nje yake: posho ya nyumba, gari, bima ya afya ya familia, bonasi ya mwisho wa mwaka na wastani wake. Taja pia minyororo. Kama unafanya kazi benki na una mkopo wa nyumba wa riba nafuu ya wafanyakazi, riba hiyo kwa kawaida hupanda kufikia ya soko siku unapoondoka, na hesabu hiyo inaweza kumeza nyongeza yote. Kama mwajiri alikulipia masomo kwa masharti ya kumtumikia miaka miwili, sema umebakiza miezi mingapi. Wakala anayeyajua haya mapema anaweza kuzungumza na mwajiri mpya kuhusu kulipa deni hilo au kuongeza mshahara wa kuanzia. Anayeyasikia siku ya ofa hana la kufanya.

Na usiikuze namba. Waajiri wengi huomba hati ya mshahara ya miezi mitatu kabla ya kusaini, na wakala aliyepeleka namba ya uongo kwa niaba yako hatapeleka jina lako tena popote. Kama hutaki kutaja unacholipwa sasa, una haki hiyo kabisa. Sema tu, “Nitasogea kwa ghafi isiyopungua milioni 5,” na wakala ana cha kuandika.

Baada ya simu ile ya kwanza, kudumisha uhusiano hakuhitaji mengi. Salamu za kila Jumatatu, picha za kheri ya Ijumaa na “nakukumbusha tu” hazisogezi kitu. Zinamfanya wakala azoee kupita jina lako bila kusoma. Ujumbe mmoja au mbili kwa mwaka unatosha, kila mmoja ukiwa na habari inayobadilisha maelezo yako. Dada wetu aliandika mwezi wa nane: “Kaka, nakupa habari kidogo. Tumehamia SAP mwezi wa sita na mimi ndiye niliyesimamia upande wa fedha. Sasa nina wasaidizi watatu. Mengine kama tulivyoongea.” Mistari mitatu. Wakala anaifungua kumbukumbu, anaongeza SAP, anabadilisha wawili kuwa watatu, na tarehe ya mazungumzo inakuwa mpya. Tarehe hiyo ndiyo itakayomfanya awe kati ya wanaopigiwa.

Kuna simu nyingine ambayo watu huipuuza, nayo ndiyo inayojenga zaidi: wakala anapokupigia kuhusu nafasi isiyokufaa. Wengi hujibu “hapana, asante” na kukata, au hawapokei kabisa. Chukua dakika tano. Sema kwa nini haikufai, ili asikuletee tena ya aina hiyo, kisha fikiri kama unamfahamu anayefaa. Ukimpa jina la mtu mmoja mwenye uwezo, baada ya kumwomba ruhusa mwenyewe, umemsaidia wakala kwa jambo analolihangaikia usiku na mchana. Katika fani ya fedha, wanaofahamiana tangu mitihani ya NBAA wanajua vizuri kuliko wakala yeyote nani yuko imara na nani anabebwa. Mtu anayenipa majina mazuri simsahau, na nadhani mawakala wenzangu wangesema hivyohivyo.

Lipo na la kumkatalia vizuri. Ukishakubali jina lako lipelekwe, kisha ukabadili mawazo, mwambie wakala siku hiyohiyo, hata kama usaili ni kesho. Kukataa kunasameheka kirahisi. Kutokutokea kwenye usaili huku simu imezimwa hakusahauliki, na kanzidata za ofisi hizi hudumu kuliko wafanyakazi wake: niliyemwandika mimi leo, mwenzangu atamsoma miaka sita ijayo.

Sasa niseme kuhusu hatari, kwa sababu mtu aliye kazini ana cha kupoteza. Ya kwanza ni wasifu wako kutembea bila wewe kujua. Nilisema kwamba wakala wa kwanza kupeleka jina ndiye anayehesabiwa. Mikataba mingi kati ya wakala na mwajiri humpa wakala haki juu ya jina hilo kwa miezi sita hadi kumi na miwili. Ukiwa umetapakaza wasifu kwa mawakala kumi, wawili wanaweza kuupeleka kwa mwajiri mmoja. Mwajiri akiona jina limeletwa mara mbili anaona ugomvi wa ada ukija, na mara nyingi njia rahisi kwake ni kuliacha jina lote. Utakuwa umekosa nafasi kwa kosa ambalo hukuliona likitendeka. Pia wasifu unaotembea ovyo unaweza kutua kwa mwajiri wako wa sasa au kwa rafiki yake wa gofu.

Kinga yake ni sentensi moja, isemwe kwenye simu ya kwanza na iandikwe kwenye ujumbe unaoambatana na wasifu: “Naomba usipeleke jina langu kwa mwajiri yeyote kabla hujanitajia jina lake na mimi nikakubali kwa maandishi.” Wakala wa kweli atakubali bila kusita. Anaweza kukuambia kwamba jina la mwajiri ni siri mpaka hatua fulani, nayo ni kweli kwa nafasi kama ile ya vinywaji. Hapo atakutajia sekta, ukubwa na eneo, na jina atalitaja kabla wasifu haujaondoka ofisini kwake. Akikataa hata hapo, mwachie. Sheria nayo iko upande wako: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019, na zote mbili zinamtaka anayeshika taarifa zako azitumie kwa kusudi ulilolijua. Tunza daftari dogo lenye mambo matatu: wakala gani, mwajiri gani, tarehe gani. Wakala wa pili akikupigia kuhusu nafasi ileile, mwambie ukweli kwamba umeshapelekwa.

Hatari ya pili iko LinkedIn. Kuna kitufe cha Open to Work, na ndani yake kuna chaguo la kuonekana na mawakala pekee, bila ile fremu ya kijani kwenye picha. Chaguo hilo lina faida, kwani mawakala wanaolipia huduma ya kutafuta watu watakuona. LinkedIn hujaribu kukuficha usionekane na wale wa kampuni unayofanyia kazi, lakini yenyewe inaeleza kwamba haiwezi kuhakikisha usiri kamili. Kwa aliye kwenye ofisi ndogo ambako kila mtu anajuana, naona ni salama zaidi kukiacha kitufe hicho na badala yake kuujaza vizuri ukurasa wenyewe: cheo kinachoeleweka, programu unazozitumia, sekta, na mambo mawili matatu yanayopimika. Wakala akitafuta CPA na SAP na usambazaji, utatokea vilevile, na hakuna bosi atakayekuuliza kwa nini umetaja kazi unayoifanya.

Sehemu ambazo njia hii haifiki nazo zijulikane. Ajira serikalini hazipiti kwa mawakala binafsi. Zinapitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma na mfumo wake wa Ajira Portal, na anayekuambia ana mlango wa pembeni anakutapeli. Kijana aliyemaliza chuo mwaka huu naye asipoteze muda mwingi kwa mawakala wa nafasi za juu, kwa sababu mwajiri halipi mamilioni kutafutiwa mtu ambaye tangazo la kawaida lingemleta bure. Na anayetaka kubadili fani kabisa, tuseme mhasibu anayetaka kuingia kwenye masoko, atapata msaada zaidi kwa watu wa fani hiyo wanaomfahamu. Mwajiri anamlipa wakala amletee mtu aliyekwisha kuifanya kazi hiyohiyo, na wakala hawezi kumpelekea mtu wa kujaribu.

Kwa aliyeko kwenye fani yake kwa miaka minne au mitano na kuendelea, mawakala wawili au watatu wanatosha. Namna ya kuwapata ni kuwauliza wenzako wa fani moja walioajiriwa karibuni ni nani aliyewapigia, na kuangalia ni ofisi gani zinatangaza mara kwa mara nafasi za aina yako. Kabla ya kumpa wakala wasifu muulize nafasi mbili za mwisho alizojaza zilikuwa za ngazi gani na sekta gani. Hahitaji kutaja majina. Anayeijua kazi atajibu papo hapo. Asiyeijua atakuomba utume tu wasifu.

Turudi kwa mkurugenzi wetu. Dada alipigiwa Jumatatu ileile mchana, miezi kumi na minne tangu simu ya kwanza. Aliambiwa aina ya kampuni, mshahara na tatizo la ghala. Aliomba alale nalo, na Jumanne asubuhi akakubali kwa maandishi jina lake lipelekwe. Jina lilikwenda Alhamisi likiwa na wengine watatu. Kwenye usaili aliulizwa kuhusu upotevu kati ya ghala na magari, akaeleza utaratibu wa kusaini jioni kama alivyoueleza kwa wakala mwaka uliotangulia. Ofa ilipokuja ilikuwa milioni 5 ghafi, na hakukuwa na la kushangaza kwa yeyote. Alitoa notisi yake ya siku 28, ambayo ndiyo ya chini kabisa kisheria kwa anayelipwa kwa mwezi Tanzania Bara, akakabidhi vitabu na kuondoka kwa heri.

Baada ya mtu kuanza kazi mpya, wakala kwa kawaida bado yuko ndani ya kipindi cha dhamana, mara nyingi miezi mitatu: ukiondoka au ukiondolewa katika muda huo, analazimika kuleta mtu mwingine bila malipo au kurudisha sehemu ya ada. Kwa hiyo atakupigia wiki ya pili na mwezi wa pili kuulizia hali. Usimjibu “salama tu” kwa adabu. Kama kazi uliyoikuta si ile uliyoelezwa, kama bosi aliyekusaili si unayeripoti kwake, kama malipo ya mwezi wa kwanza yamechelewa, mwambie wakati huo, kwa sababu ni kipindi ambacho ana sababu ya fedha ya kukusikiliza na simu yake kwa mwajiri bado inapokelewa.